Kweli au si kweli: kisa cha mteja katika slaidi nane

Kampuni zinazouza huduma kwa kampuni nyingine zina njia moja ya kujinadi inayopendwa sana siku hizi: chapisho la slaidi ambalo msomaji hulitelezesha kwa kidole. Ndani yake kuna kisa cha mteja mmoja. Alikuwa na tatizo fulani, tukafanya hili na lile, namba zikabadilika hivi. Mpangilio huo ni mzuri, ila umezungukwa na imani ambazo watu wa masoko wanarithishana bila kuzipima. Tuzipime moja moja.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni wa kutunga, na namba zake zimepangwa ili hesabu ionekane wazi. Washauri wa usambazaji wamefanya kazi na kiwanda cha mikate cha Dar es Salaam. Kiwanda kinapeleka mikate kwenye maduka ya rejareja kwa magari yake, na mkate usiouzwa dukani unarudishwa. Washauri wamebadilisha utaratibu wa oda katika njia za Temeke zenye maduka 60, na sasa wanataka kisa hicho kiwaletee wateja wengine. Anayelengwa ni mkurugenzi au meneja wa fedha wa kiwanda cha vyakula, mtu anayesoma simu yake kati ya kikao na kikao, na ambaye hatatoa fedha kabla hajauliza maswali magumu.

1. "Matokeo yafichwe hadi mwisho, ndipo msomaji atakapoendelea kutelezesha."

Si kweli.

Hadithi ya kusisimua inaweza kuficha mwisho wake, lakini anayesoma hapa hajaja kusikiliza hadithi. Anataka kujua kama jambo hili linamhusu, na uamuzi huo anaufanya kwenye slaidi ya kwanza. Akikuta nembo ya kampuni, picha ya watu wanaopeana mikono na maneno "Tunabadilisha biashara yako", hana cha kumzuia asipite.

Jalada linalofanya kazi linabeba vitu vitatu: mteja ni wa aina gani, namba ipi imebadilika kutoka wapi hadi wapi, na kwa muda gani. Kwa mfano wetu lingesomeka hivi: "Mikate 900 ilikuwa ikirudi kila wiki. Sasa inarudi 480. Kiwanda cha mikate, Dar es Salaam, wiki 8." Mwenye kiwanda cha maziwa akiisoma anaanza kujiuliza ya kwake yanarudi mangapi. Swali hilo ndilo litakalomfanya atelezeshe, kwa sababu sasa anataka kujua ilifanyikaje na kama ni kweli.

Kwa hiyo mpangilio wa tatizo, hatua na matokeo unabaki palepale ndani ya chapisho. Kinachobadilika ni kwamba jalada linatoa jibu kwanza, na slaidi zinazofuata zinalithibitisha. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Instagram huweza kumwonyesha slaidi ya pili mtu aliyeipita ya kwanza bila kutelezesha. Basi slaidi ya tatizo iandikwe kwa namna ambayo aliyekutana nayo kwanza ataielewa bila kuona jalada.

Idadi ya slaidi nayo isiamuliwe na mtandao. Instagram ilikuwa na kikomo cha slaidi 10 hadi mwaka 2024 ilipokipandisha hadi 20, na LinkedIn hupokea faili la PDF lenye kurasa nyingi kupita mahitaji ya kisa chochote. Kinachobana ni ukubwa wa kioo cha simu. Slaidi yenye upana wa pikseli 1080 ikionekana kwenye simu ina upana wa sentimeta 6 au 7 hivi, kwa hiyo herufi zenye kimo cha pikseli 24 zinabaki na kimo kama cha milimita moja na nusu. Hakuna meneja atakayehangaika nazo. Andika kwa pikseli 40 au zaidi na utagundua kuwa kila slaidi inabeba wazo moja tu. Kwa kisa chetu mawazo hayo ni manane: jalada, tatizo, chanzo, hatua, matokeo, ulinganisho, gharama na mipaka, kisha ombi.

2. "Tatizo lionyeshwe kwa wiki mbaya kuliko zote, ili uzito wake uonekane."

Si kweli, na hapa ndipo visa vingi vinapoharibika kabla havijafika katikati.

Tuseme kuna wiki moja ambayo mikate 1,400 ilirudi. Mvua kubwa ilifunga barabara, magari yakachelewa, wateja wakanunua chapati za jirani. Mwandishi anaiona namba hiyo na kuifanya mwanzo wa kisa: "Kutoka mikate 1,400 hadi 480!" Inavutia macho, lakini wiki iliyofuata ile ya mvua ingekuwa nafuu hata kama washauri wasingefika. Jambo linalopanda na kushuka lenyewe, likishafika kileleni, mara nyingi hurudi karibu na wastani wake. Francis Galton alilieleza hili kwa vipimo mwaka 1886 alipoona kuwa watoto wa wazazi warefu mno huwa warefu kuliko watu wengi, lakini kwa kawaida si kwa kiasi cha wazazi wao. Wateja nao humwita mshauri wakati mambo yamewafika shingoni. Kwa hiyo karibu kila kazi ya ushauri huanza katika kipindi kibaya, na sehemu ya nafuu inayofuata ilikuwa njiani tayari.

Dawa yake ni kuchukua kipindi cha kutosha kabla ya kazi na kutumia wastani wake. Kiwanda chetu kilikuwa na daftari la mikate inayorudi. Washauri walichukua wiki 8 kabla ya mabadiliko, wakapata kuwa njia za Temeke zilipelekewa mikate 10,000 kwa wiki kwa wastani, ikarudi 900. Hiyo ni mikate 9 katika kila 100. Wiki ya mvua imo ndani ya wastani huo pamoja na wiki zilizokuwa nzuri.

Slaidi ya tatizo haihitaji maneno kama "hasara kubwa" au "changamoto nyingi". Inahitaji namba, fedha na anayeumia. "Kati ya mikate 10,000 kwa wiki, 900 ilirudi. Kila mkate uliorudi ulikula shilingi 700 za kiwanda, hata baada ya kuuzwa kwa bei ya chakula cha mifugo." Msomaji anazidisha mwenyewe na kupata shilingi 630,000 kwa wiki. Akishapiga hesabu hiyo kichwani, uzito wa tatizo anao tayari.

3. "Slaidi ya hatua ndipo mahali pa kuonyesha kila tulichofanya."

Si kweli.

Orodha ya vikao, mafunzo, ripoti na ziara inaonyesha kuwa mmefanya kazi. Haionyeshi kwa nini namba ilibadilika. Msomaji makini anataka kuona uzi unaounganisha tatizo na matokeo, na uzi huo ni chanzo. Ndiyo maana katika slaidi nane moja nzima imetengwa kwa ajili yake, katikati ya tatizo na hatua.

Kwenye mfano wetu chanzo kilionekana pale mikate iliyorudi ilipohesabiwa kwa duka na kwa siku. Dereva alikuwa akishusha idadi ileile kila siku kwa kila duka, Jumatatu sawa na Jumapili. Duka lililo jirani na shule lilikuwa likiuza vizuri katikati ya wiki na kubakiwa na mikate Jumamosi na Jumapili. Duka la mtaani mambo yake yalikuwa kinyume. Mkate haukuwa mbaya na bei haikuwa kubwa, ila ulipelekwa mahali ambapo siku hiyo hapakuwa na mnunuzi.

Chanzo kikielezwa hivyo, hatua zinakuwa tatu tu na kila moja inakijibu. Kwanza, kila asubuhi dereva anaandika kwenye fomu idadi ya mikate iliyobaki katika kila duka. Pili, kila siku saa tisa alasiri, kabla ya kuanza kuoka, karani anawapigia wenye maduka au kuwatumia ujumbe wa WhatsApp kuthibitisha oda ya kesho. Tatu, oda inakadiriwa kwa wastani wa mauzo ya duka hilo kwa siku kama hiyo katika wiki tatu zilizopita, na kuongezwa mkate mmoja wa akiba.

Wengine wanaogopa kuandika kwa uwazi namna hii, wakidhani mshindani ataiba mbinu. Mbinu yenyewe inaingia kwenye aya moja. Kinachouzwa ni uwezo wa kuisimamia hadi madereva waizoee na wenye maduka wapokee simu. Meneja anayesoma hatua zenye saa, fomu na mtu anayehusika anaona kuwa anazungumza na watu waliofika ghalani. Akisoma "tuliboresha mnyororo wa ugavi kwa suluhisho shirikishi" haoni kitu.

4. "Namba ikishuka baada ya kazi yetu, sisi ndio tulioishusha."

Si kweli. Huenda mlichangia sana, huenda kidogo, na slaidi ya matokeo peke yake haiwezi kusema ni kiasi gani.

Katika wiki 8 baada ya mabadiliko, njia za Temeke zilipelekewa mikate 9,600 kwa wiki kwa wastani, ikarudi 480, yaani 5 katika kila 100. Imeshuka kwa mikate 420 kila wiki. Lakini wiki nane si chumba kilichofungwa. Pengine kipindi cha kwanza kiliingia Ramadhani, ambapo mahitaji ya mkate wa asubuhi hubadilika, na cha pili hakikuingia. Pengine shule zilifunguliwa. Pengine mshindani mmoja aliishiwa unga. Kila mojawapo inaweza kupunguza mikate inayorudi bila mshauri yeyote kufika.

Njia rahisi ya kutenganisha haya ni kuwa na sehemu ambayo haikuguswa. Kiwanda chetu kina njia nyingine, za Kinondoni, ambazo utaratibu mpya ulikuwa haujafika. Kwa wiki zilezile zilipelekewa mikate 10,000 kwa wiki, kabla na baada. Kabla ilirudi 880, baadaye 780. Kinondoni hakuna aliyefanya lolote, na bado mikate 100 kwa wiki ilipungua. Ni busara basi kuchukua kuwa Temeke nako kiasi kama hicho kingepungua chenyewe. Katika ile 420, mikate ambayo washauri wanaweza kuidai kwa haki ni 320 hivi.

Ulinganisho wa namna hii una historia yake. Katika hospitali kuu ya Vienna mwaka 1846 kulikuwa na wodi mbili za wazazi. Katika ile iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, mama 11.4 katika kila 100 walifariki. Katika ile ya wakunga walifariki 2.8. Ignaz Semmelweis aliagiza mwaka 1847 kwamba madaktari wanaotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini, na mwaka 1848 vifo katika wodi yao vilikuwa 1.27 katika kila 100, karibu sawa na ya wakunga iliyokuwa 1.33. Nguvu ya ushahidi ule imo katika wodi ya pili. Bila wodi ya wakunga, mtu angeweza kusema kuwa mji mzima ulipata mwaka mzuri. Kisa hichohicho kinatufundisha pia kwamba matokeo hayajiuzi yenyewe: Semmelweis alitoa kitabu chake mwaka 1861, baada ya miaka mingi ya upinzani, na madaktari wengi wa wakati wake hawakumkubali. Ushahidi ulikuwepo, lakini haukupangwa mapema na kuwekwa mbele ya waliopaswa kuuona.

Ikiwa mteja wako hana sehemu isiyoguswa, tafuta miezi hiyohiyo ya mwaka uliopita na ulinganishe nayo. Ikiwa hata hiyo haipo, andika wazi kwamba "katika kipindi hiki mikate ilipungua kwa 420", usiandike "tulipunguza". Tofauti ya kitenzi hicho ni tofauti ya dai. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na dai la matokeo lililochapishwa ni dai kama jingine lolote.

5. "Asilimia 44 ni namba ileile ya pointi 4, imeandikwa kwa namna inayovutia zaidi."

Kweli nusu. Kihesabu zinatoka mahali pamoja, ila msomaji hazimfikii kwa maana moja.

Kiwango kimeshuka kutoka 9 katika 100 hadi 5 katika 100. Hizo ni pointi 4 za asilimia. Ukichukua 4 na kuigawa kwa 9 unapata kwamba kiwango kimepungua kwa asilimia 44. Na ukihesabu mikate yenyewe, kutoka 900 hadi 480, upungufu ni karibu asilimia 47. Namba zote tatu ni sahihi. Mwandishi anayetaka kung'ara atachagua 47, na jalada litasema: "Tulipunguza hasara kwa asilimia 47."

Shida inakuja meneja wa fedha anapoisoma. Atauliza asilimia 47 ya nini. Asipopata jibu kwenye slaidi hiyohiyo, atakisia kuwa namba ya chini imefichwa kwa sababu ni ndogo, na mara nyingi anakisia sawasawa. Kampuni iliyopunguza malalamiko kutoka mawili hadi moja nayo imepunguza asilimia 50. Kwa hiyo kanuni ni moja: namba ya kabla na namba ya baada zikae pamoja, zikiwa na kizio na muda. "Kutoka 900 hadi 480 kwa wiki" haiachi mlango wa shaka. Asilimia ikitajwa, itajwe baada ya hizo.

Mchoro nao unaweza kudanganya wakati kila namba iliyo juu yake ni sahihi. Chora nguzo mbili, ya 9 na ya 5, mhimili ukianzia sifuri. Nguzo ya kwanza itakuwa ndefu kuliko ya pili kwa mara 1.8, na huo ndio ukweli. Sasa anzisha mhimili kwenye 4, kama programu nyingi za kuchora zinavyoweza kufanya bila kukuuliza. Nguzo ya kwanza inabaki na urefu wa 5 na ya pili urefu wa 1. Jicho linaona kushuka kwa mara tano. Edward Tufte, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu michoro ya takwimu, alipendekeza kupima udanganyifu wa mchoro kwa kulinganisha ukubwa wa mabadiliko yanayoonekana na ukubwa wa mabadiliko halisi. Kipimo hicho unaweza kukifanya kwa rula juu ya kioo. Nguzo zianze sifuri daima. Ukihitaji kuonyesha mwenendo wa wiki hadi wiki tumia mstari, na uweke alama kwenye wiki ambayo utaratibu mpya ulianza.

6. "Kutaja kilichobaki kibaya kutamkimbiza mteja."

Si kweli. Anayenunua huduma kwa fedha ya kampuni anajua kwamba kila hatua ina gharama yake. Usipomwambia, atajaza pengo hilo kwa hofu yake mwenyewe.

Kila kipimo kinachoboreshwa kina kingine kinachoweza kuumia nyuma yake. Njia nyepesi kuliko zote ya kupunguza mikate inayorudi ni kupeleka mikate michache. Peleka 5,000 badala ya 10,000 na karibu hakuna utakaorudi, huku maduka yakikaa bila mkate tangu saa sita mchana na wateja wakihamia kwa mshindani. Meneja yeyote wa mauzo ataliona hilo mara moja. Kwa hiyo kando ya kipimo kikuu lazima kiwepo cha kulinda, na chetu kina sehemu mbili.

Ya kwanza ni mauzo. Kabla, mikate 10,000 ilitoka, 900 ikarudi, kwa hiyo iliuzwa 9,100. Baada, ilitoka 9,600, ikarudi 480, ikauzwa 9,120. Mauzo hayakushuka. Ya pili ni maduka yanayoishiwa mapema. Kwa siku ya kawaida, kati ya maduka 60, maduka 6 yalikuwa yakiishiwa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sasa ni 8. Hapo mambo yameharibika kidogo, na slaidi iseme hivyo. Iongeze na jambo linalofanyika: maduka hayo mawili yameongezewa mkate wa akiba.

Slaidi hiyohiyo ibebe gharama. Karani anatumia saa mbili kwa siku na vocha za simu, jumla shilingi 60,000 kwa wiki. Mikate 320 mara shilingi 700 ni shilingi 224,000 kwa wiki. Toa gharama, inabaki 164,000. Ni ndogo kuliko ile 294,000 ambayo ingepatikana kwa kuzidisha mikate yote 420 bila kutoa chochote, lakini ndiyo inayoweza kusimama mbele ya mhasibu. Mkurugenzi akiipeleka kwenye kikao cha bodi, hakuna atakayeiangusha kwa swali la kwanza.

Mwisho, mipaka katika sentensi moja: wiki 8, mji mmoja, mkate wa kufungashwa, na utaratibu haujapitia sikukuu kubwa. Mwenye kiwanda cha maziwa ataelewa kuwa kwake lazima ipimwe upya. Ni bora alielewe hilo sasa kuliko baada ya kusaini mkataba.

7. "Mteja asiyetajwa kwa jina hana uzito."

Kweli nusu. Jina linaongeza imani, hasa likiwa la kampuni inayojulikana kwa wasomaji. Lakini kisa chenye namba kamili bila jina kina uzito kuliko nembo maarufu iliyozungukwa na sifa tupu.

Jina linahitaji ruhusa, na ruhusa ya mdomo kutoka kwa meneja mliyezoeana haitoshi. Mikate inayorudi ni siri ya biashara ya kiwanda, na mshindani wake anaweza kuisoma kama taarifa ya udhaifu. Mpelekee mteja slaidi zote nane zikiwa zimekamilika, siyo muhtasari, na upate kibali cha maandishi kinachotaja namba zipi zinatoka na zitatumika wapi. Ukiweka picha au maneno ya mfanyakazi, kumbuka kuwa huyo ni mtu binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na mwajiri kukubali hakumaanishi mfanyakazi amekubali.

Mteja akikataa jina, taja aina ya biashara, mji na ukubwa, kisha jiulize ni kampuni ngapi zinazolingana na maelezo hayo. "Kiwanda cha mikate, Dar es Salaam" kinaweza kuwa kimojawapo kati ya vingi. "Kiwanda cha mikate kinachopeleka Temeke kwa magari ya bluu" kimeshajulikana. Fanya kazi hii kabla ya kuchapisha, kwa sababu slaidi za PDF ni faili. Zikishapakuliwa na kuingia kwenye makundi ya WhatsApp, kufuta chapisho lako hakuzirudishi.

8. "Slaidi ya mwisho iwe na ombi moja tu."

Kweli.

Slaidi nyingi za mwisho zina namba ya simu, barua pepe, tovuti, alama za mitandao mitano na maneno "Wasiliana nasi leo". Msomaji aliyefika hapo ameshawishika nusu, na sasa anapewa njia nane za kuondoka. Ombi zuri linaendeleza kazi ambayo slaidi saba zimeianza kichwani mwake. Tangu jalada amekuwa akijiuliza kwake ni ngapi zinazorudi. Basi mwombe namba hiyo: "Tutumie idadi ya bidhaa ulizopeleka na zilizorudi kwa wiki nane zilizopita. Tutakuambia kama kuna la kufanya, au kama hakuna."

Ombi hilo lina faida ya pili. Mteja akituma namba hizo, tayari mna kipimo cha kabla cha kazi yake, kimechukuliwa kabla hamjagusa chochote, na hakuna atakayedai baadaye kwamba mlichagua wiki mbaya. Akikosa kuzituma kwa sababu hakuna anayeziandika kiwandani kwake, mmejua hatua ya kwanza ya kumsaidia ni ipi: fomu kwa dereva, kuanzia kesho asubuhi.